Mpangaji Akitaka Kuinunua Nyumba Unayompangisha

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wenye nyumba wengi jijini wamewahi kuulizwa swali hili na mpangaji: "Mama, hii nyumba huwezi kuniuzia?" Jibu zuri la siku hiyo ni fupi. Mwambie umesikia, mwombe aandike ofa yake, na usitaje bei yoyote. Bei iliyotamkwa barazani ndiyo atakayoishikilia hadi mwisho, wakati wewe hujajua nyumba yako ina thamani gani leo.

Katika ofa hiyo ya maandishi, bei ni sehemu tu ya habari. Angalia zaidi fedha zitatoka wapi, zitalipwa lini, na kodi ya pango itakuwaje katikati ya safari. Hapo ndipo wenye nyumba wengi wanapopoteza.

Chukua mfano wa nyumba ya Nkuhungu inayopangishwa kwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Mpangaji anaahidi milioni 80: atatoa milioni 30 sasa, milioni 50 atamalizia ndani ya miezi 24, na kuanzia leo halipi pango kwa kuwa "tayari ni mnunuzi". Zidisha 350,000 kwa 24 upate milioni 8.4. Hiyo ni fedha yako anayokulipia nayo nyumba yako mwenyewe, kwa hiyo ofa yake halisi ni milioni 71.6. Akikwama mwezi wa kumi, utabaki na mtu anayeishi ndani bila kulipa, anayesema amekwisha kununua, na ambaye huwezi kumtoa kabla ya kuamua milioni zake 30 zinarudi vipi.

Ndiyo maana nasisitiza mikataba miwili. Wa pango unaendelea kama ulivyo, na kodi inalipwa hadi siku bei yote itakapokamilika. Wa mauziano unasimama peke yake kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ardhi, kifungu cha 64, haiutambui uuzaji wa ardhi uliobaki mdomoni. Mwanasheria aandike humo bei, tarehe ya mwisho, kiasi cha malipo ya awali kitakachorudishwa mpango ukivunjika, na kwamba hati haitoki mikononi mwake kabla ya malipo kukamilika. Kama mpangaji aliweka uzio au tangi la maji, malizaneni hapo hapo kama thamani yake inakatwa kwenye bei au haikatwi. Likiachwa, litarudi siku ya kusaini.

Kwa bei, mtafute mthamini aliyesajiliwa. Tuseme anasema milioni 86. Mpangaji ana hoja ya kupunguziwa kidogo, maana hakuna dalali wa kulipwa wala miezi ya nyumba kukaa tupu. Milioni 84 inaweza kuwa bei ya haki kwa wote wawili. Pango la milioni 4.2 kwa mwaka ni asilimia 5 ya bei hiyo, kabla ya ukarabati na kodi za serikali. Kama una kazi ya wazi ya kuifanyia fedha hiyo, kuuza kuna maana. Kama itakaa tu benki huku viwanja vikiendelea kupanda, mimi ningesita.

Kumbuka pia kodi ya TRA kwa muuzaji, asilimia 10 ya faida. Ikiwa kiwanja na ujenzi viligharimu milioni 46 na una risiti, faida ni milioni 38 na kodi ni milioni 3.8. Bila risiti za saruji, nondo na mabati, gharama hizo ni vigumu kuzithibitisha, na umiliki hauhamishwi kabla kodi haijalipwa.

Dodoma kuna jambo lake. Viwanja vingi vilitolewa na CDA kwa miaka 33, na mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017. Hati ya mwaka 1995 ambayo haijabadilishwa inaishia 2028, na benki itakayomkopesha mpangaji itaona hivyo mara moja. Fuatilia ubadilishaji wa hati kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kukubali tarehe yoyote. Pata na ridhaa ya mwenzi wako kwa maandishi. Mauzo mengi hukwama hapo dakika za mwisho.

Kwa mfano wetu, jibu ningeliandika hivi: milioni 84, milioni 10 za awali, zinazobaki zilipwe na benki moja kwa moja ndani ya miezi minne, pango liendelee. Akileta barua ya benki inayoeleza kiasi ilichokubali kumkopesha, una mnunuzi. Akiendelea kuomba pango lisimame, mruhusu aendelee kuwa mpangaji.