Kukataa usingizi wa mchana si kuuacha

Kila wiki hapa Moshi huwa namsikia mama akiniambia kwamba mwanawe wa miezi kumi na moja "ameshaacha" usingizi wa alasiri, kwa kuwa ameukataa siku nne mfululizo. Sivyo. Katika umri huo mtoto anajifunza kusimama na kutembea akishikilia viti, na ni kawaida akakataa kulala kwa wiki moja au mbili, kisha akaurudia usingizi wake kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengi huwa tayari kulala mchana mara moja tu badala ya mbili kati ya miezi 13 na 18.

Mama mmoja wa Pasua alimwagiza dada wa kazi asimlaze tena mtoto usingizi wa pili wa mchana. Mtoto alilala saa tatu na nusu asubuhi, akaamka saa tano na nusu, akakaa macho hadi saa moja usiku. Kufika saa kumi na moja jioni alikuwa analia akikwaruza masikio, na alianza kuamka saa kumi alfajiri, jambo ambalo mama alilichukua kuwa ni njaa. Nilimuuliza swali ninalowauliza wote: akibebwa mgongoni kwa kanga saa tisa alasiri, anasinzia? "Dakika tano tu, nesi, kichwa kimeshalala." Basi bado anauhitaji. Tuliurudisha usingizi wa pili saa nane mchana, na ule wa asubuhi tukaukatisha baada ya saa moja, kwa maana ukirefuka ndio unaoula wa pili. Baada ya siku tano alfajiri ikatulia.

Dhana ya kwamba mtoto asiyelala mchana atalala vizuri usiku sitaijadili kwa kirefu; mtoto aliyechoka kupita kiasi husumbuka kulala na huamka mapema.

Kutoka usingizi wa mara tatu kwenda mara mbili, ambako kwa kawaida huja kati ya miezi 6 na 9, hakuamuliwi na tarehe ya kadi ya kliniki pekee, na kwa aliyezaliwa njiti hesabu huanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Angalia kama anaweza kukaa macho saa mbili na nusu hadi tatu bila kero, na kama usingizi wa saa kumi na moja jioni unakataliwa au unausukuma ule wa usiku hadi saa tatu.

Yule mtoto wa Pasua alifika miezi kumi na tano akikataa usingizi wa pili kwa wiki mbili, huku akibebwa mgongoni macho makavu na jioni akicheza kwa utulivu. Hapo ndipo tulipousogeza usingizi wa asubuhi dakika kumi na tano kila baada ya siku mbili tatu, hadi ukafika saa sita na nusu mchana, na kwa muda huo wote akawa analazwa usiku saa kumi na mbili na nusu jioni.