Kitunguu swaumu cha kwenye pilau sina ugomvi nacho, ugomvi wangu ni lile glasi la kila asubuhi

Hivi karibuni nimeambiwa tena, nilipomtaka mgonjwa aache swaumu mbichi na mitishamba wiki mbili kabla ya operesheni. "Daktari, hiyo siyo dawa, ni chakula tu." Mimi kazi yangu ni usingizi, yaani ndo yule mtu anayekuchoma sindano ya mgongo au kukupa nusu kaputi kabla daktari wa upasuaji hajakugusa, na hapa Dodoma hii sentensi naisikia kliniki karibu kila ninapokaa. Nimechoka kuieleza mmoja mmoja, acha niiandike yote mara moja.

Mgonjwa alikuwa mzee wa miaka 68 kutoka upande wa Chamwino, tezi dume imekua mpaka mkojo umegoma, kawekewa mpira, anasubiri operesheni baada ya siku kumi. Kaja na binti yake. Nikamuuliza dawa anazotumia, binti akajibu kwa niaba yake, za presha tu. Sawa. Ila mimi swali hilo siliamini tena peke yake, kwa hiyo nikamgeukia mwenyewe, "Mzee wangu, asubuhi ukiamka, kabla ya chai, unaweka nini mdomoni?" Hapo ndo mambo yakafunguka. Punje sita za kitunguu swaumu, kipande cha tangawizi kama kidole gumba, limau, vyote vibichi, vinasagwa kwenye blenda, glasi nzima, kila siku tangu mwaka jana. Halafu kuna vidonge vya kuongeza kumbukumbu alivyoletewa na mpwa wake, binti akatoa kopo kwenye mkoba, nikasoma, ginkgo, mtishamba wa Kichina. Halafu, kama vile haitoshi, aspirini ndogo, ile ya miligramu 75, kila usiku, kainunua mwenyewe duka la dawa maana jirani alimwambia inalainisha damu.

Kwa hiyo vitu vinne, vyote vinagusa sehemu moja ya mwili, na kwenye faili lake limeandikwa neno moja: presha.

Sasa twende taratibu. Ukikatwa, kitu cha kwanza kukimbilia pale ni chembe ndogo za damu zinazoitwa chembe sahani, zinagandana zinaziba tundu. Aspirini inazilemaza moja kwa moja, chembe iliyoguswa na aspirini haiponi, inabaki hivyo mpaka ife. Chembe sahani inaishi kama siku 7 mpaka 10, na mwili unatengeneza mpya kila siku, ndiyo maana ukiacha leo huwi salama kesho, unasubiri zizaliwe nyingine. Kitunguu swaumu kina kitu kinaitwa ajoeni ambacho kwenye maabara kimeonekana kufanya kazi kwa mtindo huo huo wa kulemaza bila kurudi. Ginkgo inazuia ishara mojawapo inayoziamsha hizo chembe. Tangawizi inapunguza utengenezaji wa kemikali inayoziita zije zigandane, ila hiyo inaachia, haing'ang'anii.

Hapa ndipo mtu ananiambia, "Mbona Waswahili tunakula vitunguu swaumu tangu enzi na tunapasuliwa?" Swali zuri, na jibu lake ndilo linalonikera watu hawalisikilizi mpaka mwisho. Kitunguu swaumu kikiwa kizima hakina ile nguvu. Ukikiponda au kukisaga ndipo kimeng'enya kilichomo kinakutana na malighafi yake na kutengeneza alisini, ile inayonuka, na hiyo alisini ndiyo inayozaa hizo nyingine, hasa ukikiloweka kwenye mafuta. Moto unakiua hicho kimeng'enya. Kwa hiyo punje mbili zilizochemka kwenye sufuria la pilau la watu kumi, na punje sita mbichi zilizosagwa akanywa mtu mmoja tumbo tupu, ni vitu viwili tofauti kabisa japo vimetoka kichwa kimoja cha kitunguu. Pilau kula. Mlenda wako kula. Chai ya tangawizi ya jioni sitakufukuza kliniki kwa ajili yake. Mimi naulizia kile unachokunywa kama dozi: kilichosagwa kibichi, kilicholowekwa kwenye asali au mafuta, unga unaokoroga kwa kijiko, na vidonge vya kwenye kopo, maana kwenye kidonge wamekusanya vingi mahali padogo na hata mtengenezaji wa kopo hili na lile hawalingani.

Tangawizi niiseme wazi kwa sababu vipeperushi vinaifanya ionekane hatari kuliko ilivyo. Kuna utafiti wa miaka ya 90 kwa wagonjwa wa moyo, waliopewa gramu 4 za unga kwa siku kwa muda wa miezi chembe sahani zao hazikubadilika, gramu 10 kwa mkupuo ndo zikapungua kugandana. Gramu 10 za unga ni kama vijiko vitano vya chai, siyo kikombe cha chai ya maziwa hicho. Kwa hiyo tangawizi peke yake hainitoi jasho. Inanitoa jasho ikiwa juu ya aspirini, juu ya swaumu, juu ya ginkgo, kwa mzee anayeenda kukatwa tezi dume ambayo yenyewe kwa asili yake inavuja damu.

Na hata ginkgo, majaribio yaliyofanywa vizuri kwa watu wengi hayajaonyesha kwamba inaongeza kuvuja damu. Tulichonacho ni visa vya mtu mmoja mmoja. Mwaka 1997 madaktari waliandika kuhusu mwanaume wa miaka 70 aliyetokwa na damu ndani ya jicho, alikuwa na aspirini akaongezea ginkgo. Mwaka 1990 wakaandika mzee wa miaka 87 aliyepata bonge la damu likabana uti wa mgongo bila kuanguka wala kuchomwa sindano, alikuwa anakula kama punje nne za kitunguu swaumu kila siku. Kisa kimoja hakithibitishi, kila daktari anajua. Lakini mimi ndiye ninayepitisha sindano jirani na huo uti wa mgongo, na damu ikikusanyika mle ndani haina pa kwenda. Ganzi ya mgongo kwa kawaida inaisha ndani ya saa chache, mgonjwa anaanza kuchezesha vidole vya miguu. Ikipita muda wake na miguu bado imekufa, au ilishaamka ikalegea tena, mgongo unauma, hapo ni picha ya MRI na upasuaji haraka, ukichelewa zaidi ya muda wa kama saa nane miguu inaweza isirudi. Ni jambo la nadra sana. Mitishamba peke yake hainifanyi nikatae kuchoma sindano ya mgongo, na miongozo yetu ya kimataifa inasema hivyo hivyo. Mchanganyiko na aspirini au dawa nyingine za damu ndo unaonifanya nisimame nifikiri.

Kitu kingine. "Lakini vipimo vya damu vimetoka vizuri." Ndiyo, vitatoka vizuri. Mashine inahesabu chembe sahani ziko ngapi, haikuambii zinafanya kazi au hazifanyi. INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, nayo inapima upande mwingine kabisa. Yule mzee alikuwa na chembe elfu 240 kwa mikrolita, INR 1.0, karatasi safi kabisa, na kila usiku anazilemaza. Kinachosaidia zaidi ya karatasi ni maswali: ukinyoa ukajikata inachukua muda gani, fizi zinatoka damu ukipiga mswaki, unapata michubuko ya bluu hukumbuki ulijigonga wapi? Mzee akaniambia siku hizi akijikata na wembe anakaa na kitambaa muda mrefu. Hiyo kwangu ilikuwa na uzito kuliko INR.

Sasa hizi wiki mbili zimetoka wapi. Ukipiga hesabu ya mwili, ginkgo inatosha siku moja na nusu, ile makala ya 2001 ya JAMA, jarida la madaktari wa Marekani, iliandika saa 36. Kitunguu swaumu siku 7. Wiki mbili ni namba ya tahadhari, madaktari wa usingizi Marekani waliishauri na wengi tukaifuata, na mimi naitetea kwa sababu ya kawaida tu: kopo halisemi ukweli wote wa kilichomo, dozi zimechanganywa vitu vitano, na mtu ukimwambia wiki moja anaacha siku tatu kabla. Ukijikuta umebakiwa na siku nane usikate tamaa na usikimbie operesheni. Acha siku hiyo hiyo, halafu sema. Na kama ni operesheni ya dharura, mama anapelekwa kujifungua kwa upasuaji au utumbo umejisokota, hatusubiri chochote, tunaandaa damu tunaingia, ila tukijua mapema umekunywa nini tunaandaa chupa za damu mapema.

Na tafadhali sana, nisieleweke vibaya. Ninachosema uache mwenyewe ni mitishamba. Aspirini, wafarini, klopidogreli ulizoandikiwa kwa moyo, kwa kiharusi, kwa sababu ya kuwekewa stenti, yaani kibomba cha kufungua mshipa wa moyo, usiziguse mpaka daktari wako aseme, maana kuna watu wakiziacha wanapata bonge la damu kwenye moyo kabla hata siku ya operesheni haijafika. Dawa ya presha vivyo hivyo, usiamue mwenyewe. Na kama unatumia mdalasini, mlonge au uwatu kwa ajili ya sukari, sema pia, kwa sababu siku ya kufunga kula sukari inaweza kushuka wakati wewe umelala huwezi kusema unajisikiaje.

Yule mzee tulikaa na daktari wa mkojo. Hajawahi kupata kiharusi wala ugonjwa wa moyo, aspirini hakuandikiwa na mtu, kwa hiyo ikasimamishwa pamoja na glasi na kopo. Mkojo unatoka kwa mpira, hakuna kinachowaka moto, tukasogeza operesheni mbele zikatimia siku kumi na nne. Binti alikasirika kidogo, nauli ya kurudi tena, namwelewa. Siku ikafika, wembe ulishaacha kumsumbua, nikamchoma sindano ya mgongo, damu iliyovuja ilikuwa ya kawaida ya tezi dume, maji ya kusafisha kibofu yakawa meupe kesho yake asubuhi. Sitasema ni kwa sababu aliacha, mgonjwa mmoja hanipi haki ya kusema hivyo.

Aliuliza ataanza lini tena glasi lake. Nikamwambia asubiri mpira utoke na mkojo ukae bila damu, kidonda cha tezi kinaweza kuvuja tena hata wiki ya pili, kwa hiyo aje kwanza kliniki tumwone. Ginkgo nilimwambia aiache tu, kumbukumbu yake iko vizuri, bei ya kopo aliikumbuka mpaka na senti. Aspirini asiirudishe bila kuandikiwa. Na wewe unayekuja kliniki, usiniletee jina la dawa kwa kichwa, beba kopo lenyewe, na kama ni la kusaga nyumbani nitajie punje ngapi, mbichi au imepikwa, na mara ngapi kwa siku.