ISBN sio muhuri wa ubora

"Mimi ni daktari, naandika kitabu cha kisukari. Nikishapata ISBN si itakuwa kimethibitishwa na watu wataniamini?"

Hapana daktari, ISBN ni namba tu ya kukitambulisha kitabu, tarakimu 13, inasaidia maduka na maktaba wasichanganye toleo moja na jingine. Kenya inatolewa na maktaba ya taifa, na anayekupa hasomi kama dozi ya metformini uliyoandika ni sahihi au la, hiyo sio kazi yake kabisa.

Kinachofanya daktari mwenzako akiamini ni vitu vingine. Kwanza mpe mswada daktari bingwa wa kisukari na mtu wa lishe wausome kabla ya kuchapa, wakikubali waandike majina yao na walipitia sura zipi. Halafu ukiandika kiwango cha sukari sema umekitoa kwenye mwongozo gani na wa mwaka gani, maana miongozo inabadilika na kitabu kinabaki kabatini kwa mtu miaka kibao.

Na visa vya wagonjwa jamani! Kubadilisha jina peke yake haitoshi, ukiandika "mwalimu wa kike, miaka 43, amekatwa mguu wa kushoto" mtaa mzima unamjua. Omba ridhaa ya maandishi, na umri, kazi na sehemu anayoishi badilisha au toa kabisa kama havihusiani na ugonjwa. Mgonjwa akijitambua humo bila kuulizwa anaweza kukushtaki kwa baraza la madaktari, hapo ISBN haikusaidii chochote.