Kutambua Mtandao Unaochelewesha Arafa kwa Kusoma Ripoti za Ufikishaji

Mwanachama wa chama cha akiba na mikopo jijini Nairobi anapotaka kuingia katika akaunti yake kwa simu, mfumo humtumia nambari ya siri ya kutumika mara moja, ambayo mara nyingi hudumu dakika tano tu. Arafa hiyo ikifika dakika ya nane, mwanachama hawezi kuitumia, lakini katika takwimu za lango la arafa, yaani mfumo unaopokea arafa za taasisi na kuzipeleka kwenye mitandao ya simu, imehesabiwa kuwa imefika. Ndiyo sababu taasisi inaweza kuona asilimia nzuri kwenye ubao wake wa takwimu huku simu za malalamiko zikiongezeka kwa watu wa huduma kwa wateja. Makala haya yanaeleza namna ya kuzisoma ripoti za ufikishaji ili ujue ni mtandao upi una tatizo, na tatizo lenyewe ni la aina gani.

Ripoti ya ufikishaji ni taarifa fupi ambayo lango hukurudishia baada ya kila arafa kufikia mwisho wake. Kwa taasisi zinazounganishwa na lango kwa itifaki ya SMPP, ambayo bado ndiyo inayotumika sana katika kazi hii, ripoti huwa na sura ya namna hii:

```
id:0041872 sub:001 dlvrd:001 submit date:2403120907 done date:2403120911 stat:DELIVRD err:000
```

Hapa tunasoma kwamba arafa ilipokewa tarehe 12 Machi 2024 saa tatu na dakika saba asubuhi, na ikafika kwenye simu saa tatu na dakika kumi na moja. Sehemu ya `stat` inaeleza hatima yake: `DELIVRD` ni iliyofika, `EXPIRED` ni iliyoishiwa na muda wa kusubiri kabla ya kufika, `UNDELIV` ni iliyoshindikana kufika, na `REJECTD` ni iliyokataliwa. Lango linalotumia anwani ya wavuti badala ya SMPP hutoa habari zilezile kwa majina yake, kwa hivyo soma maelekezo ya mtoa huduma wako kabla ya kufananisha.

Jambo la kwanza ni kujua arafa ilikwenda mtandao gani, na hapa watu wengi hukosea kwa kutazama tarakimu za mwanzo za nambari ya simu. Tangu mwaka 2011 mteja nchini Kenya anaweza kuhamia mtandao mwingine akabaki na nambari yake ileile, kwa hivyo nambari inayoanza na 0722 si lazima iwe ingali kwenye mtandao ulioitoa. Ukipanga takwimu kwa tarakimu za mwanzo, sehemu ya makosa ya mtandao mmoja huhesabiwa kwa mwingine. Tumia msimbo wa mtandao ambao lango lako hutoa kwa kila arafa, hata ile ambayo bado haina ripoti. Kwa Kenya, msimbo 63902 ni wa Safaricom, 63903 ni wa Airtel na 63907 ni wa Telkom. Lango lisipoutoa, liombe, kwa kuwa bila msimbo huo kazi inayofuata inakuwa ya kukisia.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopotosha hesabu nyingi kuliko yote, ni kile unachogawanya nacho. Arafa ambayo bado haina ripoti haijafika wala haijashindikana, iko njiani. Ukiziondoa arafa za namna hiyo kwenye hesabu na kugawanya zilizofika kwa zile zenye ripoti peke yake, mtandao wenye foleni ndefu utaonekana mzuri, kwa kuwa zilizokwama hazihesabiki popote. Na ukizipanga ripoti kwa saa zilipoingia badala ya saa arafa zilipotumwa, matatizo ya asubuhi yatajitokeza kwenye takwimu za alasiri. Njia iliyo sahihi ni kuchukua arafa zote zilizotumwa katika saa fulani, zenye ripoti na zisizo nayo, kisha kuuliza ni ngapi kati yake zilifika ndani ya dakika tano, na ni ngapi zilifika hatimaye. Kwa hifadhidata ya PostgreSQL, swali hilo huandikwa hivi:

```sql
SELECT network_code, date_trunc('hour', sent_at) AS saa,
  count(*) AS zote,
  count(*) FILTER (WHERE stat = 'DELIVRD'
    AND done_at - sent_at <= interval '5 minutes') AS ndani_ya_5,
  count(*) FILTER (WHERE stat = 'DELIVRD') AS zilizofika
FROM arafa
WHERE sent_at < now() - interval '24 hours'
GROUP BY 1, 2;
```

Mstari wa `WHERE` wa mwisho unaacha nje arafa ambazo hazijapata saa 24 za kufika. Kwa kipimo cha dakika tano peke yake huhitaji kusubiri kiasi hicho. Robo saa yatosha, na hicho ndicho kipimo kinachofaa kutazamwa kila siku asubuhi.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao nimeutunga kwa ajili ya kufundishia. Chama hutuma arafa 10,000 kwa siku: 6,000 kwenye mtandao wa kwanza, 3,000 kwenye wa pili na 1,000 kwenye wa tatu. Siku ya kawaida hufika 5,820, 2,880 na 930, yaani asilimia 96.3 kwa jumla. Siku moja jumla inashuka hadi asilimia 93.6. Upungufu wa chini ya asilimia tatu humfanya msimamizi aseme ni hali ya kawaida. Lakini ukizitenganisha kwa mtandao, wa kwanza na wa tatu haikubadilika hata kidogo, ilhali kwenye wa pili zimefika 2,610 badala ya 2,880, yaani umeshuka kutoka asilimia 96 hadi 87. Kipimo cha dakika tano kinaonyesha ubaya zaidi: kwenye mtandao huo wa pili arafa zilizowahi ni 1,830, wakati siku ya kawaida ni 2,820. Kwa hiyo karibu wanachama wanne katika kila kumi wa mtandao huo hawakuweza kuingia kwenye akaunti zao kwa jaribio la kwanza, na habari hiyo haikuonekana popote katika ile asilimia 93.6.

Sasa tazama zile ambazo hazikufika. Siku ya kawaida mtandao wa pili huwa na arafa 120 zisizofika: 85 ni `EXPIRED` na 35 ni za nambari zisizotumika tena. Siku ya tatizo ni 390, ambapo zile 35 za nambari zilizokufa zimebaki 35, na `EXPIRED` zimekuwa 355. Simu iliyozimwa au iliyo mahali pasipo na mawimbi nayo huishia `EXPIRED`, na hao ndio wale 85 wa kila siku. Wengine 270 hawawezi kuwa watu waliozima simu siku moja, kwenye mtandao mmoja, huku wa mitandao mingine wakiwa wamewasha. Huo ni msongamano au hitilafu kwenye njia. Kama ongezeko lingekuwa la `REJECTD`, na ripoti zikirudi ndani ya sekunde chache, ningeshuku jina la mtumaji halijasajiliwa au limefungwa kwenye mtandao huo. Na kama zinazopanda polepole, wiki baada ya wiki, ni nambari zisizojulikana, kasoro iko kwenye orodha yako ya wanachama. Tarakimu za `err` husaidia kupambanua zaidi, lakini hazina maana moja kila mahali, hivyo pata jedwali la lango lako.

Muda nao upimwe kwa uangalifu. Wastani wa kawaida haufai, kwa sababu simu chache zilizozimwa usiku kucha huuvuta juu hata mtandao ukiwa mzima. Panga arafa zote kuanzia iliyowahi hadi iliyochelewa, ziweke zisizofika mwishoni kabisa, kisha soma muda wa ile iliyo katikati. Kama ile ya katikati imetoka sekunde 6 ikawa dakika 3 na sekunde 40, nusu nzima ya wateja imechelewa, na hilo halitokani na simu zilizozimwa. Kumbuka pia kwamba ripoti ya SMPP kama ile ya juu haina sekunde, hivyo tofauti ya dakika moja haina maana kubwa.

Kuna ucheleweshaji mmoja wa uongo ambao nimeukuta zaidi ya mara moja: arafa zote za mtandao fulani zinaonekana kuchelewa saa tatu kamili, zikizidi kwa sekunde chache tu. Saa tatu ni tofauti kati ya saa za Afrika Mashariki na saa za UTC. Kinachokosewa hapo ni kuchanganya saa mbili kwenye hesabu, wala hakuna arafa iliyochelewa. Vivyo hivyo, ripoti zikikosekana kwa mitandao yote katika dakika zilezile, kagua kwanza seva yako inayozipokea. Huenda ilizimika, na arafa zilifika salama.

Idadi ndogo nayo hudanganya. Arafa 100 zenye kiwango cha kawaida cha asilimia 95 zinaweza kupanda au kushuka kwa asilimia nne hivi kwa bahati tu, ilhali kwa arafa 2,000 mtikisiko huo ni karibu asilimia moja. Kwa mtandao wenye wateja wachache, jumlisha siku kadhaa kabla ya kutoa hukumu.

Ripoti zina kikomo chake. Zipo njia za arafa ambazo hurudisha `DELIVRD` hata kama arafa haikuonekana kwenye simu ya mteja. Dawa ni kulinganisha na kitendo cha mteja mwenyewe: kati ya waliotumiwa nambari ya siri kwenye kila mtandao, ni wangapi waliiandika kwenye mfumo? Mtandao wenye ripoti nzuri lakini watu wachache wanaoandika nambari unastahili kuchunguzwa. Weka pia ofisini simu yenye laini ya kila mtandao, na uzitumie arafa moja kwa dakika ileile, mara kadhaa kwa siku.

Tena, lango huwa na muunganisho wa pekee kwa kila mtandao, wenye kasi iliyowekewa kikomo, na foleni inaweza kujaa hapo kabla arafa haijaufikia mtandao wenyewe. Ripoti peke yake hazipambanui hali hizo mbili. Ukiwa na lango la pili, pitisha sehemu ya arafa za mtandao huo kwake kwa saa moja: zikienda vizuri, tatizo liko kwenye lango la kwanza au muunganisho wake, zikichelewa vilevile, yaelekea ni mtandao.

Unapolalamika kwa mtoa huduma wa lango, usimpelekee picha ya ubao. Mpelekee `id` za arafa ishirini au thelathini zilizochelewa, msimbo wa mtandao, saa ya kutumwa na saa ya kufika ukitaja kuwa ni saa za Afrika Mashariki, pamoja na `id` chache za mtandao mwingine zilizowahi katika dakika zilezile. Kwa hizo anaweza kufuatilia kila arafa kwenye kumbukumbu zake na kukuambia ilikaa wapi. Wakati unasubiri jibu, ongeza muda wa nambari ya siri kwa wateja wa mtandao huo kutoka dakika tano hadi kumi, kama kanuni zenu za usalama zinaruhusu, na uzuie mfumo usitume nambari mpya kila mteja anapobonyeza tena, kwa sababu kila arafa ya ziada inaingia kwenye foleni ileile iliyojaa.