Nistatini na flukonazoli kwa mtoto mwenye fangasi mdomoni: "siku mbili zaidi" maana yake nini?

Mama akipewa dawa ya utando mweupe wa mtoto, huambiwa aendelee nayo siku mbili baada ya utando kwisha. Wengi huisikia kama nyongeza ya hiari. Mdomo ukionekana safi siku ya nne, chupa hurudi kabatini, na baada ya wiki utando umerudi.

Utando huo husababishwa na fangasi aitwaye kandida. Ukiufuta taratibu kwa kitambaa safi, mabaki ya maziwa hutoka, lakini fangasi hung'ang'ania, na ukilazimisha huacha wekundu au tone la damu. Kwa hiyo usiukwangue. Kandida hubaki juu ya ngozi laini ya mdomo hata pale ambapo jicho halioni cheupe tena, na hizo siku mbili ni za kuwamaliza waliosalia.

Sasa dozi. Nistatini ya maji huwa na yuniti 100,000 katika kila mililita 1, na hupewa mara 4 kwa siku. Miongozo mingine huandika mililita 1 kila mara, mingine mililita 2, yaani 1 kila upande wa mdomo. Fuata aliyokuandikia mhudumu wako, na tofauti hiyo isikutishe, kwa sababu nistatini karibu haiingii kabisa kwenye damu. Inaua fangasi inaowagusa tu. Hapo ndipo dawa nyingi hupotea bure: ikimiminwa nyuma ya ulimi, mtoto humeza mara moja na mashavu hayakuguswa. Tikisa chupa, mpe baada ya kunyonya, weka nusu ya dozi ndani ya kila shavu, kisha ipake kwa kidole kilichonawiwa vizuri kwenye ulimi na ufizi. Usimnyonyeshe tena mara moja, kwani maziwa huiosha.

Tuseme mtoto wa miezi miwili ameanza Jumatatu. Jumamosi, siku ya sita, mama anaangalia kwa tochi na haoni utando popote. Anaendelea Jumapili na Jumatatu, mara 4 zile zile, ndipo anaacha. Zimekuwa siku 8. Angeona mdomo safi tangu siku ya tatu, bado angefikisha walau siku 7, maana huo ndio muda wa chini unaoandikwa mara nyingi. Utando usipopungua baada ya wiki moja ya kupaka vizuri, mtoto arudi kuonwa.

Flukonazoli kwa kawaida huja pale nistatini iliposhindwa. Hii humezwa, huingia kwenye damu na kufika mdomoni hata kwa mate, kwa hiyo hupewa mara moja tu kwa siku, na hupimwa kwa uzito. Kipimo cha kawaida ni miligramu 6 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha miligramu 3 kwa kila kilo, kwa siku 7 hadi 14 kadiri daktari alivyoandika. Mtoto wa kilo 5 atapata miligramu 30 siku ya kwanza, halafu 15 kila siku. Dawa ikiwa na miligramu 10 kwa mililita, hizo ni mililita 3, kisha mililita 1 na nusu. Lakini ipo chupa nyingine yenye miligramu 40 kwa mililita. Mililita 3 za chupa hiyo ni miligramu 120, mara nne ya dozi! Naomba kila mzazi asome namba hiyo kwenye lebo kabla ya kuvuta sirinji, na apime kwa sirinji, si kwa kijiko cha jikoni. Kwa mtoto wa chini ya mwezi mmoja usikokotoe mwenyewe. Figo zake bado changa, na daktari huenda akaacha siku mbili au tatu kati ya dozi na dozi.

Fangasi ikirudi hata baada ya muda kutimia, angalia chuchu za mama. Zikiwa nyekundu, zinang'aa, au zinauma kama zinachomwa, mama na mtoto hutibiwa siku zile zile, la sivyo wanaambukizana huku na huku. Chuchu za chupa na za bandia zichemshwe kila siku.

Mtoto akikataa kunyonya, akipata homa, haongezeki uzito, au utando ukijirudia mara kwa mara baada ya miezi 9, apelekwe apimwe. Hapo huenda kinga ya mwili wake ndiyo yenye shida, na kumwongezea nistatini hakutaitibu.