"Mguu haujawa mwekundu, kwa hiyo si uambukizo"

"Tulikuwa tunasubiri uwe mwekundu, daktari."

Hii ni mara ya tatu mwezi huu naambiwa hivyo hapa Dodoma. Safari hii ni binti aliyemleta mama yake, mkulima wa zabibu kutoka Hombolo. Usiku wa Jumatatu mama alitetemeka kwa baridi na homa, kesho yake mguu wa kushoto ukawa mzito na unauma. Zahanati moja ilimpima malaria, haikuonekana. Akapewa dawa ya maumivu na kuambiwa arudi mguu ukibadilika kuwa mwekundu. Wakautazama hadi Ijumaa.

Wekundu wa ngozi ni damu iliyojaa kwenye mishipa midogo iliyotanuka. Kwa mtu mweupe damu hiyo huonekana wazi. Kwetu sisi inaonekana kupitia melanini, hivyo hutokea kama kahawia iliyokoza, kijivu, au zambarau ya ganda la biringani. Kwa mwenye ngozi nyeusi sana huenda rangi isibadilike kabisa machoni, na bakteria wakawa wanaendelea na kazi yao. Picha nyingi tulizosomea ni za miguu ya Wazungu, na bado kuna wahudumu wanaoutafuta mguu ule kwa mama wa Hombolo. Inaniuma, kwa sababu siku tatu ni nyingi kwa selulaitisi, uambukizo wa bakteria ndani ya ngozi.

Nilimketisha mlangoni penye mwanga wa jua, maana taa ya njano ya chumbani huficha zambarau. Nikaiweka miguu yote miwili sambamba. Wa kushoto ulikuwa umevimba, ngozi imekazwa inang'aa, vitundu vya vinyweleo vimedidimia kama ganda la chungwa. Rangi ilikuwa imekoza kidogo tu. Nikapitisha mgongo wa mkono kutoka gotini kushuka, kwanza mguu wa kulia usio na shida, kisha ule unaouma: katikati ya muundi joto lilipanda ghafla, na hapohapo mama akashtuka kwa maumivu. Hiyo ni selulaitisi. Kati ya vidole viwili vya mwisho kulikuwa na fangasi, ngozi nyeupe iliyolowa na kupasuka. Bakteria walipata mlango hapo.

Kwa kalamu ya wino nilichora mstari pale joto na maumivu vinapoishia, nikaandika saa. Kwenye ngozi yetu mstari huo hufuata mkono, haufuati jicho. Alilazwa kwa sindano za antibiotiki kwa sababu ya homa, mguu ukainuliwa juu ya mito. Siku ya kwanza joto linaweza kuvuka mstari kidogo hata dawa ikiwa inafanya kazi. Jumapili jioni ngozi iliyokuwa imekazwa ilianza kujikunja mikunjo midogomidogo. Kwangu hiyo ndiyo dalili ninayoiamini, kwa sababu inamaanisha uvimbe unashuka.

Selulaitisi mara nyingi hushika mguu mmoja. Ikivimba yote miwili kwa pamoja, fikiria moyo, figo au mishipa ya damu. Mguu mmoja uliovimba unaweza pia kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa, kwa hiyo upimwe hospitali. Na maumivu yakizidi sana kile kinachoonekana, malengelenge yakatoka, ngozi ikafa ganzi au mgonjwa akachanganyikiwa, usingoje asubuhi.

Wiki ya tatu binti alirudi peke yake, ana wasiwasi: "Mguu umebaki mweusi, dawa haijamaliza." Imemaliza. Ngozi iliyowaka huacha rangi, na weusi huo unaweza kukaa miezi mingi. Ukipapasa hauna joto, hauumi, haujavimba. Tafadhali msiupake krimu kali za steroidi za madukani. Zinaikondesha ngozi na kuzidisha fangasi waliofungua mlango. Kausheni katikati ya vidole kila mnapooga, mpake dawa ya fangasi, na visigino vilivyopasuka kwa kiangazi chetu mvipake Vaseline kila usiku. Hili nalisema kwa kila mgonjwa na sitachoka.

Mkinitumia picha ya simu, zimeni flashi, simameni kwenye kivuli chenye mwanga, na mpige miguu yote miwili pamoja. Mguu mmoja peke yake haunionyeshi kitu.

Na surua? Nayo watu huisubiri iwe na madoa mekundu. Kwa mtoto mweusi madoa yanaweza kuonekana kama weusi uliokoza tu, au yasionekane. Pitisha vidole nyuma ya masikio na usoni, upele hukwaruza kidogo kabla haujashuka mwilini. Tazama macho kama yamekuwa mekundu na yanatoa machozi, maana weupe wa jicho hauna melanini nyingi ya kukuficha wekundu kama ngozi, kisha fungua mdomo utafute vidoa vyeupe ndani ya mashavu. Ukivikuta kwa mtoto mwenye homa, kikohozi na mafua, mpeleke kituoni siku hiyohiyo, na mwambie mhudumu mlangoni kabla hajakaa na watoto wengine.