Sauti ya kompyuta na kisomo cha Kurani: mambo ya kupima kabla ya kuamua

Kamati ya msikiti mmoja wa eneo la Bombo, nchini Uganda, ilituuliza kama inafaa kuchukua kanda za marehemu shehe wao, kuiga sauti yake kwa kompyuta, kisha kuisomesha sura ambazo hakuwahi kuzirekodi, ili zirushwe redioni mwezi wa Ramadhani. Kwa kisomo cha Kiarabu tulisema hapana. Kwa tafsiri ya Kiswahili tulikubali, kwa masharti.

Tuliwaomba kwanza waijaribu programu yao kwa mwanzo wa Suratul Baqara. Herufi tatu za mwanzo husomwa kila moja kwa jina lake, Alif Lam Mim, lakini programu, iliyozoea Kiarabu cha magazeti, ilizisoma kama neno moja, «alam», kama zinavyosomwa mwanzoni mwa «Alam nashrah». Wakabadilisha maandishi, wakaandika majina ya herufi kwa urefu, na sauti ikatoka sawa. Hata hivyo, maandishi yaliyopindwa hivyo hayafai kuonyeshwa popote, kwani si ya msahafu tena.

Kosa la herufi tatu husikika upesi. La hatari zaidi ni la irabu moja: katika Al-Fatiha, «an'amta» ikiwa «an'amtu», aliyeneemesha hawi tena Mwenyezi Mungu bali msomaji mwenyewe. Kwa hiyo hafidhi wawili wasikilize rekodi nzima, kila mmoja peke yake, msahafu ukiwa mkononi, na kosa moja la kubadilisha maana litoshe kuikataa. Ikitengenezwa upya, wasikilize tena tangu mwanzo, kwa maana programu nyingi hazitoi sauti ileile mara mbili.

Hata kama isingekosea, heshima ingebaki kuwa kikwazo. Kisomo hupokewa kinywani mwa mwalimu, naye alikipokea kwa mwalimu wake; kuisomesha sauti ya marehemu sura asizorekodi ni kumshuhudilia kisomo ambacho hakukitoa, naye hayupo kukisahihisha. Idhini ya familia ni ya lazima, ila kwa maoni yangu haiondoi tatizo hilo. Kwa msomaji aliye hai, Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inadai ridhaa yake. Basi iandikwe, itaje matumizi yanayoruhusiwa na muda wake, na aweze kuiondoa.

Katika tafsiri, sauti ya kompyuta iwe ya kawaida, isiyoiga mtu yeyote, na tangazo liwe ndani ya sauti yenyewe, mwanzoni na mwishoni: «Tafsiri hii imesomwa na kompyuta na kukaguliwa na walimu wetu.» Maelezo yaliyoandikwa pembeni hayamfikii msikilizaji wa redio, na hupotea kipande kinapokatwa na kusambazwa kwa simu.

Kamati ilizisafisha kanda za shehe na kuzirusha kama zilivyo. Sura zilizobaki zinarekodiwa na mwanafunzi wake, kwa jina lake mwenyewe.